Kiwanda cha maziwa: kinunue maziwa ao kinunue ng'ombe?

Kuna swali moja linalosumbua kila mwenye kiwanda, kiwe cha maziwa, cha mawese ao cha mchele. Je, aendelee kununua mali kwa wakulima, ao aingie mwenyewe shambani? Ukiwa mkulima unaweza kusema, "Hiyo ni hesabu yake, mimi inanihusu nini?" Inakuhusu sana. Siku ile kiwanda kitakaponunua ng'ombe zake, wewe unayeleta bidoni yako asubuhi unaweza kukuta mlango umefungwa. Ni heri uijue hesabu anayoifanya mwenye kiwanda, ujue ni wakati gani anakuhitaji na ni wakati gani amechoka nawe.

Tumechukua maziwa kuwa mfano, ingawa hapa Kibombo ng'ombe ni wachache, kwa sababu katika maziwa swali hili linaonekana wazi kuliko katika mali nyingine. Ukilielewa katika maziwa, utaliona pia katika ngazi na mpunga.

Mpunga unangoja, maziwa hayangoji

Fikiri mwenye mashini ya kukoboa mpunga. Wakulima wakikataa bei yake leo, mpunga unalala katika gunia, watarudi kuzungumza wiki ijao ao mwezi ujao. Yeye naye anaweza kununua kwa watu wa kijiji kingine. Hakuna aliyemshika mwenzake koo. Ndiyo maana ni mara chache kuona mwenye mashini ya mpunga akihangaika kutafuta mashamba yake mwenyewe.

Ngazi ni tofauti kidogo. Kichala kikishakatwa, asidi inapanda katika mafuta siku kwa siku, na kikilala siku kadhaa mawese yanatoka mabaya. Kiwanda kikubwa kinataka vichala vifike kila siku bila kukatika. Hiyo ni sababu moja iliyofanya kampuni ya Lever, iliyopata mapatano yake na serikali ya Ubelgiji katika Kongo mwaka 1911, kutaka maeneo makubwa ya michikichi na si viwanda tu. Ilipata mali karibu na mlango, lakini ugomvi wa ardhi na wanavijiji katika mashamba yale unaendelea mpaka leo. Kumiliki shamba kuna bei yake pia, na sehemu ya bei hiyo haiandikwi katika kitabu cha hesabu.

Maziwa yanashinda hata ngazi kwa haraka. Katika joto letu, maziwa yaliyokamuliwa saa kumi na mbili asubuhi bila kupozwa yanaanza kuharibika ndani ya saa chache. Ng'ombe naye hajui siku ya Mungu wala sikukuu, anakamuliwa mara mbili kila siku. Kwa hiyo mfugaji hawezi kungoja bei ya kesho, na kiwanda chenye mashini za kuchemsha hakiwezi kukaa bila maziwa. Hao wawili wamefungwa kamba moja.

Katika Masisi, huko Kivu ya Kaskazini, watu waliifungua kamba hiyo kwa njia yao: maziwa yanafanywa fromaji kwenye vilima vilevile ng'ombe wanapolisha. Fromaji inaweza kuvumilia barabara mbaya mpaka Goma, maziwa mabichi hayawezi. Ni vizuri kulikumbuka hilo kabla ya kukimbilia kununua ng'ombe: mara nyingine kinachotakiwa kubadilishwa ni mali inayosafirishwa.

Gharama isiyoonekana katika bei

Mwaka 1937 mwalimu mmoja Mwingereza, Ronald Coase, aliuliza swali linaloonekana jepesi: kama soko linaweza kutupatia kila kitu, kwa nini kuna kampuni zinazofanya mambo mengi ndani yao wenyewe? Jibu lake ni kwamba kununua sokoni kuna gharama juu ya bei. Inabidi utafute mtu, mpatane, upime mali, ufuatilie kama amekupa kweli ulichokubali, na ugombane naye kama hakukupa. Tuiite gharama ya mapatano. Ikiwa ndogo, nunua. Ikiwa kubwa kuliko taabu ya kufanya kazi mwenyewe, fanya mwenyewe.

Mwamerika Oliver Williamson, aliyepata zawadi ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, aliongeza jambo moja ambalo kila mfugaji atalitambua. Gharama ya mapatano inapanda sana pale mtu anaponunua kitu chenye kazi moja na mnunuzi mmoja. Papa mmoja akiuza mbuzi zake zote ili anunue ng'ombe wa maziwa wa kizazi kizuri, na kiwanda ni kimoja tu, siku inayofuata kiwanda kinaweza kushusha bei. Papa atafanya nini? Hawezi kumrudisha ng'ombe. Upande wa pili ni vilevile: kiwanda kikishalipa mashini ya kuchemsha na chumba cha baridi, wafugaji wote wanaweza kukutana asubuhi na kusema, "Direkta, leo bei imepanda." Mashini ya kuchemsha maziwa haiwezi kukoboa mpunga. Kila mmoja akiogopa kubanwa na mwenzake, hakuna anayeweka feza, na maziwa yanabaki machache.

Hofu hiyo ndiyo inayomfanya mwenye kiwanda aseme, "Afadhali ninunue ng'ombe zangu, nitawale kila kitu."

Tufanye hesabu

Tuchukue kiwanda kidogo cha mfano, kinachotaka litri 600 kwa siku. Hesabu hizi tumezitunga ili kuonyesha njia. Kila mahali pana bei zake.

Kiwanda kinalipa wafugaji nusu dolari kwa litri, yaani dolari 300 kwa siku. Juu ya hiyo kuna gharama za mapatano. Motopikipiki mbili zinazozunguka kukusanya na watu wake: dolari 36. Tuseme ukweli, usafiri si mapatano hasa, lakini kiwanda chenye ng'ombe mlangoni hakiulipi, kwa hiyo tunauweka humu. Mpimaji na mtu wa kulipa: dolari 12. Maziwa yaliyolipwa lakini yakafika yameharibika: dolari 15. Na siku ambazo wafugaji wanauzia wachuuzi barabarani, mashini zikafanya kazi nusu, faida inayopotea ni kama dolari 15 kwa siku ukigawanya katika mwezi. Jumla ni dolari 78. Ukigawanya kwa litri 600 unapata senti 13 kwa litri. Basi maziwa hayamgharimu mwenye kiwanda senti 50, yanamgharimu senti 63.

Sasa anunue ng'ombe. Watu wengi wanakosea hapa mwanzoni kabisa. Wanasema ng'ombe mmoja anatoa litri 8, kwa litri 600 natafuta ng'ombe 75. Hapana. Ng'ombe anapumzishwa kama miezi miwili kabla ya kuzaa, na kutoka ndama mmoja mpaka mwingine mara nyingi kunapita zaidi ya mwaka. Ili 75 wakamuliwe kila siku, lazima uwe na majike kama 100, bila kuhesabu mitamba inayokua kuchukua nafasi ya wazee. Na kila mmoja anakula kama kilo 50 za majani mabichi kwa siku. Kwa ng'ombe 100 hiyo ni tani 5, kila siku, jua ao mvua. Nani atakata? Atakata wapi?

Tuseme ng'ombe mmoja ni dolari 1,200, na majengo, maji na uzio ni dolari 60,000. Jumla ni dolari 180,000. Ukigawanya ng'ombe kwa miaka 6 na majengo kwa miaka 15, kisha ukaweka riba ya mkopo ya 12 kwa mia, ni kama dolari 125 kwa siku. Chakula, pamoja na kukata na kubeba majani: dolari 135. Wafanyakazi, walinzi na msimamizi: dolari 120. Dawa, pamoja na ng'ombe 5 wanaokufa katika mwaka: dolari 46. Jumla 426. Ukitoa dolari 26 za kuuza ndama na ng'ombe wazee, inabaki 400 kwa siku. Kwa litri 600 hiyo ni karibu senti 67.

Tazama sasa. Kununua ni senti 63, kumiliki ni senti 67. Tofauti ni senti 4 tu. Bei ikikaa senti 50, mstari uko kwenye senti 17: gharama ya mapatano ikiwa chini ya 17, kiwanda kinanunua kwenu; ikipita hapo, kiwanda kinanunua ng'ombe. Leo iko 13. Ng'ombe zenu hazikubadilika, malisho hayakubadilika. Kitakachoamua ni usumbufu: bidoni chafu, maji ndani ya maziwa, siku za kutokuja. Ndiyo maana tunasema hesabu hii iko pia katika mikono ya wafugaji.

Utawala unaleta nini, na hauleti nini

Mwenye kiwanda anayesema "nitatawala" anasema kweli kwa sehemu. Ng'ombe wakiwa wake, anajua nani alichomwa sindano ya dawa jana na maziwa yake yasiingie katika pipa. Anaweza kupanga uzazi ili maziwa yasikauke yote wakati wa kiangazi. Hatatiliwa maji na mtu anayetaka kujaza kipimo.

Lakini kuna mambo ambayo utawala haununui. Mama anayemkamua ng'ombe wake mwenyewe anaona mapema kwamba chuchu moja ina joto, kwa sababu hasara ni yake. Mfanyakazi wa mshahara anapata feza ileile chuchu ikiwa nzima ao ikiwa mgonjwa, isipokuwa msimamizi awe macho. Kumsimamia msimamizi nako ni gharama. Kwa hiyo mapatano hayakwisha, yamehama tu: zamani ulipatana na wafugaji 150, sasa unapatana na wafanyakazi 20 kila siku juu ya majani, chumvi, dawa na funguo za stoo.

Jambo la pili ni ugonjwa. Ng'ombe 100 katika uzio mmoja ni kikapu kimoja cha mayai. Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia, maziwa yote yanaanguka katika wiki moja. Ng'ombe wakiwa wametawanyika katika vijiji vingi, kijiji kimoja kinaumia, vingine vinaleta. Na kwetu Maniema kuna mbung'o. Ng'ombe wa kizungu wenye maziwa mengi hawavumilii nagana. Wale wanaovumilia, kama N'Dama, wanatoa maziwa machache. Mwenye kiwanda anayenunua ng'ombe anaibeba hatari hiyo yote mgongoni mwake. Vifo vikipanda kutoka 5 mpaka 15 kwa mwaka, anaongeza dolari 12,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya senti 5 kwa kila litri. Senti 67 inakuwa 72.

Jambo la tatu ni ardhi. Majani ya ng'ombe 100 yanataka makumi ya hekta. Karatasi ya serikali peke yake haitoshi, kuna chefu wa kijiji na kuna familia zinazolima pale. Mtu akipewa eneo bila wenyewe kukubali, atalipa walinzi miaka yote.

Wengine walichagua nini

Kati ya kununua tu na kumiliki tu kuna njia za katikati, na Afrika ya Mashariki ina mifano mizuri.

Huko Tanga, Tanzania, kiwanda cha Tanga Fresh kilianza miaka ya 1990. Wafugaji wadogo walikuwa na chama chao cha muungano, kinachoitwa TDCU, na chama hicho kikawa na hisa ndani ya kiwanda pamoja na wawekezaji kutoka Uholanzi. Kooperativa za vijiji zinakusanya maziwa, zinayapima na kuyapoza, kisha yanaenda kiwandani. Tazama ujanja wake: kiwanda hakikuhitaji kununua ng'ombe wote ili kupunguza hofu ya kubanwa. Mfugaji akiwa na sehemu katika kiwanda, bei ikishuka upande mmoja anaweza kupata kitu upande mwingine. Na kumpima mfugaji anayechanganya maji ni kazi ya jirani zake, ambao wanamjua kuliko mpimaji wa mjini.

Huko Kenya, kooperativa ya Githunguri ilianza mwaka 1961 na wanachama 31 wa kuuza maziwa pamoja. Baada ya miaka mingi ya kuuzia wengine, ilijenga kiwanda chake, kilichoanza kazi mwaka 2004, na maziwa yake yanauzwa kwa jina la Fresha. Hapa swali liligeuka: si kiwanda kilichonunua mashamba, ni wenye mashamba waliojenga kiwanda.

Kwa nini walijenga? Historia ya KCC inasaidia kuelewa. KCC lilikuwa shirika kubwa la maziwa la Kenya tangu 1925. Katika miaka ya 1990 liliharibika kwa usimamizi mbaya, wafugaji wakangoja malipo miezi na miezi. Waliochoka waliwauzia wachuuzi waliolipa feza mkononi. Mpaka mwaka 2003 serikali ilipolichukua tena na kulifufua, sokoni kulikuwa na wengine wengi. Kiwanda kinachochelewa kulipa kinapandisha chenyewe gharama zake za mapatano, kisha kinalalamika kwamba wafugaji si waaminifu.

Njia ya tatu ni ya mchanganyiko. Uganda kuna Jesa, huko Busunju. Wao walikuwa na shamba la ng'ombe, wakajenga kiwanda juu yake, lakini wananunua pia kwa wafugaji wengine. Shamba la nyumbani linahakikisha kwamba mashini hazisimami kabisa, na linamfundisha mwenye kiwanda bei ya kweli ya kutengeneza litri moja. Mfugaji hawezi kumdanganya juu ya bei ya chakula. Lakini mfugaji ajue pia kwamba mwenye kiwanda wa namna hii hambembelezi mtu. Katika kiwanda chetu cha mfano, ng'ombe 15 ao 20 wa kiwanda pamoja na wafugaji wengi ingekuwa njia ya kufikiria kabla ya kuchukua mkopo wa dolari 180,000.

Kooperativa ifanye nini kabla mwenye kiwanda hajaamua

Msingoje mkutano wa kutangaziwa. Anzeni na daftari. Kwa siku 30, mwandishi wa kooperativa aandike kila asubuhi mambo manne: litri zilizoahidiwa, litri zilizofika, litri zilizokataliwa na sababu yake, na saa ya kufika. Mwisho wa mwezi mtajua senti zenu za mapatano, na mtazungumza na Direkta kwa namba, si kwa kelele.

Kisha pimeni wenyewe kabla ya maziwa kuondoka kijijini. Kipimo cha uzito wa maziwa, laktometa, kinaonyesha kama yameongezwa maji: maziwa mazima yanasoma kama 1.026 mpaka 1.032, yakishuka chini ya hapo ulizeni. Alkoli nayo inaonyesha kama yameanza kuchacha: changanya kiasi sawa cha maziwa na alkoli ya kupimia, yakiganda yasiende. Kila litri mbaya inayobaki kijijini ni ugomvi mmoja uliopungua mlangoni kwa kiwanda, na gharama ya pikipiki isiyopotea. Katika mfano wetu, zile dolari 15 za maziwa yaliyoharibika zikishuka mpaka 6, na zile 15 za siku za kukosa zikishuka mpaka 6, gharama ya mapatano inatoka senti 13 kwenda 10. Hapo kooperativa inaweza kuomba senti moja ao mbili katika bei, na kiwanda bado kinapata faida.

Mwisho, andikeni mkataba unaozuia kubanwa pande zote. Vifungu vitatu vinatosha kuanza. Cha kwanza, bei ya chini iliyoandikwa kwa mwaka mzima, na njia ya kuipandisha chakula cha ng'ombe kikipanda. Cha pili, siku ya malipo, kila wiki mbili, na kama kiwanda kikichelewa wafugaji wawe huru kuuza kwingine bila kuitwa wasaliti. Cha tatu, kiasi ambacho kooperativa inaahidi kuleta hata wakati wa kiangazi, na faini ikiwa wanachama wamepeleka maziwa barabarani siku ambayo kiwanda kililipa vizuri. Kifungu hicho cha tatu ndicho wafugaji wengi wanakikimbia, lakini bila hicho vile viwili vya kwanza havitasainiwa.

Na mwenye kiwanda akileta hata hivyo mpango wa kununua ng'ombe, muulizeni maswali matatu mbele ya watu wote: umehesabu majike mangapi kwa kila wanaokamuliwa, tani ngapi za majani kwa siku zitatoka katika shamba la nani, na vifo vingapi kwa mwaka. Akiwa na majibu, msikilizeni. Kama hana, fungueni daftari lenu na mmwonyeshe senti zenu.